Nani hawezi kuwa baba? Mwongozo kamili wa mafumbo ya makundi ya damu

Swali huwa hivi: mama ana kundi A, mtoto ana kundi B. Wanaume wawili wanatajwa, mmoja kundi O na mwingine kundi AB. Nani hawezi kuwa baba?

Katika madaftari ya tuisheni ninayosahihisha, jibu ninalokutana nalo mara kwa mara ni hili: "Wote wawili hawawezi, kwa sababu hakuna mwenye kundi B." Mwanafunzi amemtafuta mwanamume anayefanana na mtoto, akamkosa, akafunga daftari. Fumbo halikuuliza nani anafanana na nani. Liliuliza aleli iliyo kwa mtoto imetoka kwa nani. Mwenye O ndiye wa kuondolewa. Mwenye AB anabaki.

Mwongozo huu ni wa kazi hiyo moja tu: kumwondoa asiyewezekana, na kuacha kumwondoa anayewezekana.

## Vya kuandaa

Chukua karatasi, kalamu ya wino, penseli na kifutio. Wino ni wa kile unachokijua kwa hakika, penseli ni ya kile unachokikisia. Wengi huona huu ni utoto, kisha wanakosea palepale ambapo penseli ingewaokoa.

Kwenye pembe ya karatasi andika jedwali hili kabla hata ya kusoma swali:

| Kundi la damu | Jozi za aleli zinazowezekana |
|---|---|
| A | IᴬIᴬ au Iᴬi |
| B | IᴮIᴮ au Iᴮi |
| AB | IᴬIᴮ |
| O | ii |

Aleli ni sura mojawapo ya jeni. Kwa jeni hii, aleli zinazotumika kwenye mafumbo ni tatu: Iᴬ, Iᴮ na i. Tatu hizo zimetawanyika katika watu wote, lakini mtu mmoja hubeba mbili tu, moja ya mama na moja ya baba. Jeni yenyewe iko kwenye kromosomu ya 9, ambayo wanaume na wanawake wanayo sawasawa, kwa hiyo haijalishi mtoto ni wa kike au wa kiume.

## Kabla ya hatua: elewa kwa nini AB ipo

Ukiruka sehemu hii utakariri jedwali na utalisahau wiki ijayo.

Juu ya seli nyekundu ya damu kuna minyororo mifupi ya sukari inayoitwa H. Aleli Iᴬ hutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari moja mwishoni mwa H, nayo ni asetilgalaktosamini. Seli hiyo tunaiita A. Aleli Iᴮ hutengeneza kimeng'enya kinachobandika sukari nyingine, galaktosi, na seli inakuwa B. Aleli i hutoa kimeng'enya kibovu kisichobandika kitu. H inabaki mtupu, na hilo ndilo kundi O.

Sasa mweke mtu mwenye Iᴬ na i. Fundi mmoja anafanya kazi, mwingine amekaa tu. Ukipima damu utaona A, na i haitaonekana ingawa ipo. Ndiyo maana tunasema Iᴬ ni tawala na i ni fichu.

Mweke mwingine mwenye Iᴬ na Iᴮ. Mafundi wote wawili wako kazini, na kwenye seli ileile utakuta sukari zote mbili. Hakuna aliyemfunika mwenzake, na wala hazikuchanganyika kuwa kitu cha tatu. Huo ndio utawala wa pamoja.

Tahadhari. Hakuna aleli iitwayo "AB". Mzazi wa kundi AB humpa mtoto Iᴬ au Iᴮ, moja tu, na hana i ya kutoa. Ukijikuta umeandika kwamba baba "amempa mtoto AB", futa na uanze upya.

## Hatua ya 1: Anza na mtoto

Usianze na baba anayetajwa, hata kama swali limemtaja kwanza. Mtoto ndiye ushahidi, wengine wote ni maelezo.

Andika kwa wino aleli unazoziona kwenye kundi lake, na weka kistari kwa penseli pale usipojua:

- Mtoto O: `i i`, zote mbili kwa wino.
- Mtoto AB: `Iᴬ Iᴮ`, zote mbili kwa wino.
- Mtoto A: `Iᴬ _`
- Mtoto B: `Iᴮ _`

Mtoto wa O na wa AB ni zawadi, kwa sababu jozi yao inajulikana nzima. Mtoto wa A au B ana nafasi moja iliyofungwa, na kazi yako inayofuata ni kuona kama mama anaweza kuifungua.

Umefaulu ukiona kwamba hujaandika popote `IᴬIᴬ` kwa mtoto wa kundi A kwa sababu tu inapendeza macho. Kosa la kudhani kila A ni IᴬIᴬ ndilo linalowaondoa akina baba wengi wasio na hatia.

## Hatua ya 2: Toa cha mama

Katika mafumbo mengi mama anajulikana. Jiulize: kati ya aleli za mtoto, ipi *inawezekana* imetoka kwake?

Chukua mtoto B na mama A. Mtoto ana Iᴮ, mama hana Iᴮ. Basi Iᴮ haikutoka kwa mama. Mama ametoa nini? Kama angetoa Iᴬ, mtoto angekuwa AB. Mtoto ni B tu, kwa hiyo mama ametoa i. Papo hapo umejua mambo mawili: mtoto ni `Iᴮi`, na mama ni `Iᴬi`. Sasa vyote viandike kwa wino.

Tazama hapo: kundi la mtoto limefichua aleli fichu ya mama. Mshale huenda pande zote mbili.

Wakati mwingine mama hasaidii. Mtoto A, mama A: huenda mama ametoa Iᴬ, huenda ametoa i huku Iᴬ ikitoka kwa baba. Njia zote mbili ziko wazi. Acha kistari kwa penseli, usilazimishe.

## Hatua ya 3: Andika deni la baba

Mimi huita hivi, "deni la baba": aleli ambayo baba, awe nani, lazima awe ameileta. Iandike kwenye mstari wake na uizungushie duara, kwa sababu kuanzia hapa ndiyo pekee unayoitafuta.

Mtoto B kwa mama A: deni ni Iᴮ.

Mtoto O, mama yeyote anayewezekana: deni ni i.

Mtoto AB kwa mama A: mama hawezi kutoa Iᴮ, kwa hiyo ametoa Iᴬ, na deni ni Iᴮ.

Mtoto AB kwa mama AB: mama angeweza kutoa yoyote kati ya hizo mbili, kwa hiyo deni ni "Iᴬ *au* Iᴮ".

Mtoto A kwa mama A: deni ni "Iᴬ au i".

Deni likiwa la aina mbili, liandike na neno "au" lake. Wengi huchagua moja ili waendelee haraka. Hapo ndipo fumbo linapogeuka kuwa bahati nasibu.

Umefaulu ukiona kwamba unaweza kuusoma mstari huo peke yake, bila kurudi kwenye swali, ukajua unamtafuta mtu wa namna gani.

## Hatua ya 4: Pitisha kila mwanamume mbele ya deni

Mmoja mmoja. Swali ni lilelile kwa kila mmoja: katika jozi zake zote zinazowezekana, ipo hata moja yenye aleli inayodaiwa?

Neno la kushikilia ni "hata moja". Mwanamume wa kundi A anaweza kuwa IᴬIᴬ au Iᴬi. Deni likiwa i, jozi ya kwanza hailipi lakini ya pili inalipa. Basi anabaki. Anaondolewa tu yule ambaye jozi zake *zote* zimeshindwa.

Rudi kwenye fumbo la mwanzo. Deni ni Iᴮ. Mwanamume O ni ii tu, hana Iᴮ, anaondolewa. Mwanamume AB ana Iᴬ na Iᴮ. Angetoa Iᴮ, mama angetoa i, na mtoto angekuwa B. Anabaki, ingawa yeye si B, mama si B, na mtoto ni B. Ukishangaa, chora jedwali la Punnett la `Iᴬi` kwa `IᴬIᴮ`. Utapata IᴬIᴬ, IᴬIᴮ, Iᴬi na Iᴮi. Ya mwisho ndiyo mtoto wetu.

Zipo njia mbili za mkato ambazo hazihitaji kumjua mama kabisa, nazo nazitumia kila mara: mzazi AB hazai mtoto O, na mzazi O hazai mtoto AB. Wa kwanza hana i ya kutoa. Wa pili hana kingine zaidi ya i.

## Hatua ya 5: Andika uamuzi kwa maneno mawili tu

Maneno yanayoruhusiwa ni "ameondolewa" na "hajaondolewa". Usiandike "ndiye baba".

Sababu ni hii: makundi haya ya damu ni manne tu duniani kote, na watu wasiohesabika wana Iᴮ. Mwanamume anayeweza kulipa deni ni mmoja kati ya wengi wanaoweza. Unaruhusiwa kusema "ndiye" pale tu swali lenyewe linapokuhakikishia kwamba baba ni mmoja wa waliotajwa, na wengine wote wameshaondolewa.

Kuna jibu moja zaidi ambalo wanafunzi huliogopa: "hakuna anayeondolewa". Mtoto A, mama A, wanaume wanne wa makundi A, B, AB na O. Deni ni "Iᴬ au i". A analipa, AB analipa kwa Iᴬ, O analipa kwa i, na B analipa akiwa Iᴮi. Wote wanabaki. Watunga mitihani hulipenda swali hili kwa sababu mwanafunzi huhisi lazima amtoe mtu, na humtoa B.

## Hatua ya 6: Ukikwama, tazama ndugu na babu

Mafumbo magumu hutoa taarifa za ziada kuhusu ukoo. Usizipite.

Mfano ninaoupenda: mama ni B. Ana watoto wawili wa baba mmoja, wa kwanza O, wa pili AB. Wanaotajwa ni Juma (A), Musa (O), Hamisi (AB) na Baraka (B), na swali linasema baba ni mmoja wao.

Anza na mtoto AB. Mama B hawezi kutoa Iᴬ, kwa hiyo deni ni Iᴬ. Musa na Baraka wameondolewa. Wamebaki Juma na Hamisi, na mwanafunzi wa haraka huishia hapo.

Sasa mtoto O. Deni ni i. Hamisi ni AB, hana i, ameondolewa. Juma analipa madeni yote mawili akiwa Iᴬi. Kwa kuwa swali limefunga orodha, baba ni Juma. Zaidi ya hapo, umejua mama ni Iᴮi, maana naye alitoa i kwa mtoto wa kwanza.

Babu na bibi husaidia kwa njia nyingine. Tuseme mtoto ni O, mama ni A, na anayetajwa ni mwanamume wa kundi B. Kwa kawaida hajaondolewa, kwa sababu anaweza kuwa Iᴮi. Lakini swali linaongeza kwamba wazazi wake wote wawili ni AB. Wazazi hao hawana i hata mmoja, kwa hiyo yeye ni IᴮIᴮ bila shaka. Hana i ya kulipa. Ameondolewa, na aliyemwondoa ni babu na bibi wa mtoto.

Mzazi wake mmoja tu akiwa AB na mwingine B, hoja inavunjika, maana huyo wa B anaweza kuwa na i ya kumrithisha. Isome sentensi ya swali mara mbili.

## Kesi ya kweli ya kujipimia

Miaka ya 1940 huko California, mwigizaji Charlie Chaplin alishtakiwa kwamba ni baba wa mtoto wa mwanamke aliyewahi kuwa na uhusiano naye. Damu zilipimwa. Mama: A. Mtoto: B. Chaplin: O.

Funika mistari inayofuata, ufanye hatua tano mwenyewe.

Mtoto ana Iᴮ kwa wino. Mama hana Iᴮ, na hakutoa Iᴬ kwa kuwa mtoto si AB, kwa hiyo ametoa i. Deni la baba ni Iᴮ. Chaplin ni ii. Ameondolewa. Ni fumbo letu la mwanzo kabisa, isipokuwa hapa yuko mtu mmoja tu wa kupimwa.

Baraza la wazee wa mahakama halikushawishika. Kesi ya kwanza haikupata uamuzi, na katika ya pili, mwaka 1945, alitangazwa kuwa baba na kuamriwa kumtunza mtoto, kwa sababu sheria ya jimbo hilo wakati ule haikuyafanya majibu ya damu kuwa neno la mwisho. Naieleza kesi hii darasani kwa sababu damu ilikuwa imetoa jibu la aina ileile inayoweza kulitoa kwa uhakika: nani *si* baba. Haikumtaja aliye baba, na isingeweza.

## Watoto wanne waliochanganyika wodini

Aina hii ina watoto kadhaa na wazazi kadhaa, na unatakiwa kuwapanga. Watoto ni A, B, AB na O. Wazazi ni: O na O, AB na O, A na B, B na B.

Kosa la kawaida ni kuanza na A na B kwa kuwa ndio wa kwanza kuvutia macho. Wenzi hao wanaweza kuzaa makundi yote manne, kwa hiyo hawakuambii kitu. Anza na wenye uwezekano mdogo kabisa.

O na O huzaa O pekee. Mpe mtoto O, mfute kwenye orodha. B na B huzaa B au O. O ameshakwenda, wapewe B. AB na O huzaa A au B. B ameshakwenda, wapewe A. Anayebaki ni AB, na wenzi waliobaki ni A na B.

Umefaulu ukiona kwamba wa mwisho anakubalika bila kulazimisha. Hapa ndiyo: katika orodha hii ni wenzi A na B pekee wanaoweza kumzaa AB. Kama wa mwisho angegoma, ungejua umefuta vibaya mahali fulani, na makosa mengi huwa kwenye AB na O, ambao watu huwapa mtoto AB au O wakati hawawezi kumzaa hata mmoja kati ya hao.

## Pale kanuni zinapovunjika

Kwenye mtihani, zifuate kanuni kama zilivyo hapo juu isipokuwa swali liseme vinginevyo. Nje ya mtihani mambo hayajanyooka hivyo, na huulizwa hili na watu wazima wanaposhika kadi ya kliniki ya mtoto na kuanza kupiga hesabu mezani.

La kwanza ni kosa la kawaida kabisa: kundi limeandikwa vibaya au limekumbukwa vibaya. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Sukari za A na B kwenye seli zake bado ni dhaifu, na kingamwili zake mwenyewe za makundi haya hazijaanza kutengenezwa, kwa hiyo ile njia ya pili ya kuhakikisha kundi kwa kupima maji ya damu haifai kwake. Pima upya akishakua kidogo.

La pili ni kundi la Bombay, lililoelezwa mwaka 1952 katika mji ambao leo ni Mumbai. Kumbuka mnyororo wa H. Yuko mtu aliyerithi nakala mbovu za jeni nyingine, ile inayotengeneza H, kutoka kwa wazazi wote wawili. Anaweza kuwa na Iᴬ salama kabisa, kimeng'enya chake kikawa tayari, lakini hakuna H ya kubandikia. Akipimwa kwa njia ya kawaida anaonekana O. Akizaa na mtu mwenye H nzima, mtoto anapata H na ile Iᴬ, na anaonekana A au hata AB. Kwenye karatasi, "mzazi O" amezaa AB.

La tatu ni nadra pia: aleli moja inayofanya kazi zote mbili, ya A na ya B, ikiwa kwenye kromosomu moja. Mzazi wa namna hiyo anasomeka AB, lakini kromosomu yake ya pili inaweza kuwa na i, na anaweza kupata mtoto O.

Hali hizi ni chache sana, ila zinatosha kufanya hesabu ya mezani isiwe hukumu ya nyumba. Kwa swali la kweli la uzazi, kinachopimwa leo ni vinasaba, yaani DNA, ambayo hulinganisha sehemu nyingi kwa pamoja badala ya jeni moja. Tanzania kazi hiyo iko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2009 ya kusimamia vinasaba vya binadamu, na haianzi kwa mtu kujipeleka tu na unywele wa mtoto kwenye bahasha.